Tumelipa sawa, mbona riba yangu imezidi ya wifi?

*Mshauri, salaam. Mimi na wifi yangu tuna kadi za mkopo za benki moja, riba ni ileile ya asilimia 21.9 kwa mwaka, na bili zetu hufungwa siku moja. Mzunguko uliopita ulikuwa wa siku 30. Sote tulianza na deni la 60,000. Kila mmoja akanunua kitu cha 30,000, kila mmoja akalipa 40,000, na sote tukabaki na 50,000 kabla ya riba. Tulichotofautiana ni siku tu: mimi nilinunua siku ya 4 nikalipa siku ya 24, yeye alilipa siku ya 4 akanunua siku ya 24. Taarifa zilipokuja, mimi nimetozwa riba ya 1,398, yeye 558. Nikapiga simu benki, nikajibiwa kwamba wanatumia wastani wa salio la kila siku, basi. Mwisho wa kulipa ni siku ya 25, kwa hiyo sikuchelewa. Mshahara wangu huingia siku ya 3 ya mzunguko, ila hupenda kuuacha kwenye akaunti hadi tarehe ikaribie, pengine dharura ikatokea. Je, nimeibiwa? Na nikilipa deni lote mzunguko huu, nitakuwa nimemalizana nao?*

*Msomaji wako*

Dada, hujaibiwa. Nimezipiga hesabu zako na za wifi yako kuanzia mwanzo na zote mbili zimetoka vilevile kama zilivyo kwenye taarifa. Lakini jibu ulilopewa kwenye simu halikukusaidia kitu, na nadhani mtu anayetozwa pesa ana haki ya kuonyeshwa zilikopatikana. Chukua kalamu tuzifuate pamoja.

Benki yenu haiangalii ulianza na deni kiasi gani na ukamaliza na kiasi gani. Kila siku, siku inapofungwa, inaandika deni lililokuwapo. Mzunguko ukiisha inajumlisha madeni ya siku zote 30, inagawanya kwa 30, na hapo inapata huo wastani wa salio la kila siku. Kisha inauzidisha wastani huo kwa riba ya siku moja na kwa idadi ya siku. Riba ya siku moja ni ya mwaka ikigawanywa kwa 365, na kwa kadi yenu 21.9 kwa 365 ni asilimia 0.06 kamili. Maana yake ni kwamba kila 10,000 ya deni inayolala siku moja inakugharimu 6. Ishike hiyo 6, maana karibu kila kitu nitakachokueleza kinatoka humo.

Sasa tuje kwako. Siku 3 za mwanzo ulikuwa na deni la 60,000. Siku ya 4 ukanunua, deni likapanda hadi 90,000, na likakaa hapo siku ya 4 hadi ya 23, yaani siku 20. Siku ya 24 ukalipa 40,000, likashuka hadi 50,000, likabaki hivyo siku 7 zilizosalia.

```
60,000 × 3  =   180,000
90,000 × 20 = 1,800,000
50,000 × 7  =   350,000
Jumla       = 2,330,000
2,330,000 ÷ 30 = 77,666.67
77,666.67 × 0.0006 × 30 = 1,398
```

Wifi yako alianza vilevile, siku 3 kwa 60,000. Lakini siku ya 4 yeye alilipa, deni likashuka hadi 20,000, na likalala huko chini siku zile zile 20 ambazo lako lilikuwa juu. Siku ya 24 akanunua, likarudi 50,000.

```
60,000 × 3  = 180,000
20,000 × 20 = 400,000
50,000 × 7  = 350,000
Jumla       = 930,000
930,000 ÷ 30 = 31,000
31,000 × 0.0006 × 30 = 558
```

Ukitazama mistari hiyo utaona kwamba wa kwanza na wa tatu ni sawa kabisa kwenu nyote wawili. Yaliyowatenga yote yamo katika mstari wa katikati, katika zile siku 20. Wewe ulidaiwa 90,000, yeye 20,000, tofauti ni 70,000. Kila 10,000 ni 6 kwa siku, hivyo 70,000 ni 42 kwa siku, na kwa siku 20 ni 840. Ndiyo hiyo tofauti kati ya 1,398 na 558.

Tunaweza hata kuigawa hiyo 840 tuone kila uamuzi ulikuwa na uzito gani. Malipo ya 40,000 yaliyosubiri siku 20 ni 24 kwa siku, jumla 480. Kununua kitu cha 30,000 siku 20 mapema kuliko wifi ni 18 kwa siku, jumla 360. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya pengo lenu limetokana na pesa uliyokuwa nayo tayari mkononi tangu siku ya 3.

Hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya, na naona na wewe umeingia humo. Tarehe ya mwisho ya malipo inakukinga na faini ya kuchelewa na alama mbaya katika rekodi zako za mkopo. Kazi yake inaishia hapo. Haikwambii kwamba kulipa siku ya 24 ni sawa na kulipa siku ya 4. Ni sawa kwa mtu mmoja tu: yule aliyelipa deni lote la taarifa iliyotangulia. Huyo kwa kawaida hupewa kipindi kisicho na riba kwa manunuzi yake, naye anaweza kulipa siku ya mwisho bila kupoteza chochote. Ukibakiza deni, hata dogo, kwa kadi nyingi kipindi hicho kinaondoka, na kinaondoka kwa manunuzi mapya pia. Wewe ulianza mzunguko ukidaiwa 60,000, kwa hiyo kile kitu cha 30,000 kilianza kuzaa riba siku uliyokinunua. Kililala siku 27 ndani ya mzunguko ule, siku ya 4 hadi ya 30, kwa 18 kila siku. Kimekugharimu 486 ya nyongeza katika mzunguko huo peke yake, na kwa kuwa bado kuna deni, gharama inaendelea.

Ndiyo sababu sishauri kabisa mtu anayebakiza deni kuendelea kununua kwa kadi hiyohiyo huku akijiambia kwamba atalipa mwisho wa mwezi. Kwake yeye hakuna cha kungojea mwisho wa mwezi, saa imeshaanza kuhesabu.

Sasa hiyo hofu yako ya dharura. Naielewa, na si ya kupuuza, ila hebu tuitazame kwa hesabu hizi. Siku ya 4 ungeweza kulipa 40,000 yako. Deni lingepanda kwa manunuzi na kushuka kwa malipo siku hiyohiyo, likafungwa 50,000, na likakaa hapo siku 27 zote zilizobaki. Jumla ya salio ingekuwa 1,530,000, na riba 918 badala ya 1,398. Na ile 40,000 isingepotea: nafasi kwenye kikomo cha kadi yako ingefunguka kwa kiasi hichohicho. Dharura ikitokea siku ya 15, unalipia kwa kadi, na riba yake inaanza siku ya 15. Isipotokea, umebaki na 480 yako. Ulivyofanya wewe ni kulipia dharura ambayo haikuja, 24 kila siku, kwa siku 20.

Mpango huo una mipaka miwili, na ni vizuri uijue kabla hujaufuata. Kwanza, kikomo cha kadi si mali yako. Benki inaweza kukishusha, na pengine ikafanya hivyo wakati mbaya. Pili, kuna dharura zisizolipika kwa kadi, zinataka pesa taslimu, na kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni jambo jingine kabisa: mara nyingi kuna ada ya kutoa, riba yake huwa juu zaidi, na inaanza siku ileile hata kwa mtu asiye na deni. Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningegawa. Lipa 20,000 mara mshahara unapoingia, bakiza 20,000 kwenye akaunti, ulipe hiyo nyingine kabla ya siku ya 25. Nusu hiyo ya kwanza peke yake inakuokolea 12 kwa siku kwa siku 20, yaani 240, na riba yako inashuka hadi 1,158. Kiasi cha jumla unacholipa hakijaongezeka hata kidogo.

Ukianza kulipa mapema hivyo, angalia malipo yanaangukia upande gani wa siku ya kufunga bili. Kima cha chini kilichoandikwa kwenye taarifa kinatakiwa kulipwa baada ya taarifa hiyo kutoka na kabla ya tarehe yake ya mwisho. Ukilipa siku ya 4 au ya 5 hakuna shida, umo ndani ya muda. Lakini mtu akilipa siku ya 29, siku moja kabla bili haijafungwa, malipo yake yanahesabiwa katika mzunguko unaoisha. Yatapunguza wastani, sawa, ila taarifa mpya ikitoka itakuwa na kima cha chini chake, na hicho kinamsubiri. Wapo wanaolipa siku hiyo wakadhani wameshatangulia mwezi unaofuata, kisha wakapigwa faini ya kuchelewa na wasijue kwa nini.

Na siku inayohesabiwa si lazima iwe siku uliyobonyeza kutuma. Ni siku malipo yalipoingizwa kwenye akaunti ya kadi. Ukituma kutoka benki nyingine Ijumaa jioni, yanaweza kuonekana Jumatatu au baadaye, na kwa malipo ya 40,000 kila siku ya kusubiri ni 24. Upande wa manunuzi, benki nyingine huhesabu tangu siku ya kununua, nyingine tangu siku yalipoingizwa. Tazama kwenye taarifa yako, mara nyingi kuna safu mbili za tarehe, na mkataba wako unasema ipi inatumika.

Utajuaje kama benki imekosea? Fanya kama tulivyofanya hapa. Andika salio la mwanzo, kisha kila siku salio lilipobadilika, hesabu siku zilizokaa kati ya badiliko moja na jingine, na hakikisha siku zote zikijumlishwa zinafika idadi ya siku za mzunguko. Hapo ndipo makosa mengi ya mtu binafsi yanapoingia: siku ya malipo inahesabiwa mara mbili, au mzunguko wa siku 31 unagawanywa kwa 30. Taarifa nyingi huandika salio lililotozwa riba. Kama lako ni 77,666.67 nawe umepata hivyohivyo, tarehe zote zimekubaliana na kilichobaki ni riba tu.

Ikiwa salio linalingana lakini riba hailingani, angalia jinsi riba ya mwaka ilivyogawanywa. Ingekuwa benki yenu inagawanya kwa miezi 12, ungetozwa asilimia 1.825 ya 77,666.67, yaani 1,417 badala ya 1,398. Ukikuta 1,411 hivi, basi benki inatoza riba juu ya riba kila siku, yaani riba ya jana inaongezwa kwenye deni la leo. Kwa mzunguko mmoja jambo hilo limeongeza 13 tu, ndiyo maana sikulitanguliza. Tarehe za malipo zina uzito mkubwa kuliko hilo kwa mbali.

Ikiwa ni salio lenyewe lisilolingana, na tofauti ni kubwa, huenda kadi haiingizi manunuzi mapya katika wastani. Zipo za namna hiyo, na ni nafuu kwa mteja. Kwa njia hiyo ungehesabiwa 60,000 kwa siku 23 na 20,000 kwa siku 7, na riba yako ingekuwa 912. Ipo pia njia nyingine iliyokuwa kali zaidi, ya kuchukua wastani wa mizunguko miwili, ambapo mtu aliyebakiza deni mwezi huu alijikuta akitozwa hata kwa siku za mwezi uliopita ambao alikuwa hadaiwi riba. Marekani iliipiga marufuku njia hiyo kwa sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009. Katika mkataba wako tafuta sehemu inayoeleza salio linavyokokotolewa, na usome kama inasema manunuzi mapya yamo au hayamo. Hesabu zenu zinaonyesha wazi kwamba kwenu yamo.

Nimalizie na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake huwakera watu kuliko yote. Tuseme taarifa imetoka ikiwa na 51,398, yaani ile 50,000 na riba yako 1,398. Unajikaza, unalipa 51,398 yote siku ya 21, hununui kitu. Taarifa inayofuata inakuja na deni la 617 hivi. Hapo utataka kupiga simu tena. Lakini kumbuka salio linaandikwa kila siku: tangu bili ilipofungwa hadi siku ya 20, deni la 51,398 lilikuwa bado limelala, na linazaa karibu 31 kwa siku. Siku 20 ni 617. Taarifa uliyoshika mkononi isingeweza kuionyesha riba hiyo, kwa sababu siku zenyewe zilikuwa hazijafika ilipochapwa.

Kwa hiyo ukiamua kulifuta deni, usiilipe tarakimu ya taarifa. Piga simu, uulize kiasi cha kufunga deni lote pamoja na riba hadi siku malipo yatakapoingizwa, uitaje tarehe hiyo, nawe ulipe siku hiyohiyo. Kila siku utakayoliwahisha ni 31 inayobaki kwako. Halafu uwaulize kipindi kisicho na riba kitarudi lini, maana kuna kadi zinazotaka ulipe taarifa mbili mfululizo kwa ukamilifu ndipo wakirudishe. Mpaka wakujibu hilo, manunuzi yako yafanye kwa pesa iliyo kwenye akaunti yako ya kawaida, si kwa kadi hii.